Mtindo wa maandishi uulize, usihukumu

Mwanafunzi wa Panda, mjini Likasi, anapeleka kazi yake ya mwisho wa masomo. Msimamizi anasoma kurasa mbili, anasimama. Sentensi zimenyooka, hoja zinafuatana, lakini sauti si ya yule kijana ambaye yeye amemfundisha kwa miaka mitatu. Anashuku kwamba kazi imeandikwa na mtu mwingine kwa malipo. Atathibitishaje?

Programu ya kukagua wizi wa maandishi haitamsaidia. Programu hiyo hutafuta sentensi zilizonakiliwa kutoka kwenye maandishi mengine, na kazi ya kuandikiwa haijanakiliwa popote: imetungwa upya kwa ajili ya mteja mmoja. Ndiyo maana biashara hii imestawi. Kule Kenya, vijana wengi wenye shahada na wasio na ajira huishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani, na Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia kwa karibu. Australia ilipiga marufuku huduma hiyo kwa sheria mwaka 2020, Uingereza ikafuata mwaka 2022. Lakini sheria humbana muuzaji. Mwalimu aliye na kazi mkononi bado anabaki na swali lake.

Kinachoweza kumsaidia ni kuilinganisha kazi hiyo na maandishi ya awali ya mwanafunzi huyo huyo. Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1964, Frederick Mosteller na David Wallace walichunguza makala 12 za kisiasa za Marekani ambazo haikujulikana kama ziliandikwa na Hamilton au Madison. Hawakutazama maneno makubwa ya siasa, kwa sababu wote wawili waliyatumia. Walihesabu maneno madogo ya kuunganishia. Neno moja la namna hiyo Hamilton alilitumia kama mara 3 katika kila maneno 1,000, na Madison karibu hakulitumia. Makala zote 12 zikaelekea kwa Madison.

Maneno madogo yana nguvu hiyo kwa sababu mwandishi hayachagui kwa makini. Mada ikibadilika, yeye huendelea nayo vilevile. Chuoni Likasi kazi huandikwa kwa Kifaransa, lakini jambo hili linaonekana wazi hata kwa Kiswahili. Kuna anayeandika "kwa sababu" kila mara, na kuna wa "kwa kuwa". Kuna anayesema "mfanyakazi ambaye anachimba", na mwingine "mfanyakazi anayechimba".

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi ana insha tatu alizoandika darasani mbele ya mwalimu. "Kwa sababu" inatokea mara 6, 7 na 5 katika kila maneno 1,000. "Kwa kuwa" karibu haipo. "Ambaye" na ndugu zake wanatokea mara 9, 11 na 8. Katika kazi ya mwisho yenye maneno 10,000, "kwa sababu" imeshuka hadi mara 1 kwa kila 1,000, "kwa kuwa" imepanda hadi 6, na "ambaye" imebaki mara 2. Mazoea matatu yamegeuka kwa pamoja. Hapo pana swali la haki.

Tazama hatua ya kwanza ilikuwa ipi: insha za zamani zililinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Bila hiyo hakuna kipimo. Kama "kwa sababu" ingekuwa mara 2 katika insha moja na mara 9 katika nyingine, basi kushuka hadi 1 kusingekuwa na maana, kwani mwanafunzi huyo hubadilika-badilika kwa asili yake. Urefu nao una uzito. Katika insha ya maneno 300, neno linalotarajiwa mara 2 linaweza kukosekana kabisa kwa bahati tu.

Hatua inayofuata ni kuzilinganisha kazi za darasa zima. Zikipatikana kazi mbili zinazofanana sana kimtindo, kila moja ikiwa mbali na maandishi ya awali ya mwenyewe, inawezekana mwandishi mmoja amewahudumia wote wawili. Ushahidi huo una nguvu kuliko mashaka juu ya mtu mmoja.

Sasa mipaka. Mosteller na Wallace walikuwa na watu wawili tu wa kuchagua, na maandishi ya wote wawili yalikuwa mezani. Mwalimu wetu ana upande mmoja tu. Anaweza kusema kwamba kazi hii haifanani na za nyuma. Hawezi kusema ni ya nani, wala kwa nini haifanani. Na sababu halali ziko nyingi. Insha ya mtihani na kazi ya utafiti si mtindo mmoja, kwa hiyo sentensi ndefu peke yake si ushahidi. Miaka mitatu ya kusoma humbadilisha mtu. Msimamizi mwenyewe huenda alisahihisha sura nzima. Halafu kuna mpiga chapa: mwanafunzi asiye na kompyuta hupeleka karatasi za mkono zikachapwe, na mchapaji hurekebisha tahajia, huweka mikato, hata kunyoosha sentensi. Anayehesabu mikato na makosa ya tahajia huenda anampima mchapaji.

Kuna pia hatari ya hesabu. Tuseme wanafunzi ni 200, na 10 kati yao wameandikiwa. Njia yetu inawanasa 8 kati ya hao 10, na inamkosea mmoja katika kila waaminifu 10. Waaminifu ni 190, kwa hiyo 19 kati yao watashukiwa bure. Jumla ya washukiwa ni 27, na zaidi ya nusu hawana hatia. Chuo kinachofukuza kwa kipimo hicho peke yake kinawaadhibu wengi wasiostahili ili kuwapata wachache.

Msimamo wetu ni huu. Vitivo vya Likasi vianze kutunza maandishi ya kila mwanafunzi tangu mwaka wa kwanza: insha mbili au tatu kwa mwaka, zilizoandikwa darasani kwa mkono, za maneno 500 au zaidi, na angalau moja iwe ya kueleza matokeo ya utafiti ili ifanane na kazi ya mwisho. Wanafunzi waambiwe mapema kwamba zinatunzwa na kwa nini. Hazihitaji mashine ya gharama. Zinahitaji kabati linalofungwa na mtu wa kulisimamia.

Mtindo ukionekana mgeni, mwanafunzi aitwe faraghani kabla ya utetezi, si mbele ya juri na familia yake. Alete rasimu, madaftari na karatasi alizompa mchapaji. Aulizwe kwa nini alichagua njia ile ya utafiti, ni akina nani aliowahoji, ni kitu gani alikiacha na kwa nini, na aandike ukurasa mmoja papo hapo kuhusu sura ya tatu. Aliyeandika mwenyewe atakuwa na mengi ya kusema, hata kama Kifaransa chake kinakwama. Aliyenunua hatajua jedwali lake limetoka wapi.

Uamuzi utoke kwenye majibu hayo na rasimu hizo. Alama ya mwanafunzi isikatwe hata moja kwa hesabu ya maneno peke yake, na jambo hilo liandikwe kwenye kanuni za chuo kabla kabati la kwanza halijafunguliwa.