Koo Halisafishwi kwa Kujikohoza

Mzee akisimama kutoa neno msibani, hujikohoza kwanza. Imamu hujikohoza kabla ya hotuba, mchungaji kabla ya mahubiri, na mgeni aliyefika uani hujikohoza ili wenyeji wajue kuna mtu. Sina ugomvi na hayo, kwani kujikohoza mara mojamoja hakumdhuru mtu. Ugomvi wangu ni na imani iliyojificha nyuma yake: kwamba koo hujaa uchafu, na usipoukwangua sauti haitoki. Kwa imani hiyo kuna watu wanaojikohoza kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, na kadiri sauti inavyozidi kukwaruza ndivyo wanavyoongeza bidii. Wanajiumiza, tena wanajiumiza kwa kile wanachodhani ni dawa.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyo ndani ya kikoromeo. Kwa mwanamume mzima ina urefu wa takribani milimita 17 hadi 21. Ya mwanamke ni mifupi zaidi. Tunapozungumza, mikunjo hiyo hugusana na kuachana zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume na karibu mara 200 kwa mwanamke, ikilainishwa na ute mwembamba. Kazi hiyo imeiweza. Kujikohoza ni jambo jingine. Mikunjo inabanwa kwa nguvu, hewa ya mapafuni inajisukuma chini yake, kisha inafyatuka huku mikunjo ikigongana na kusuguana. Ukirudia hivyo tangu asubuhi hadi jioni, ngozi yake inavimba.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ngozi iliyovimba inamfanya mtu ahisi kuna kitu kimemkwama kooni. Tena ikisumbuliwa hutoa ute zaidi ili kujikinga. Kwa hiyo lile kohozi unaloliwinda, sehemu yake kubwa umelitengeneza mwenyewe kwa kujikohoza dakika tano zilizopita. Ni kama kujikuna palipoumwa na mbu: unapata nafuu ya muda mfupi, kisha panawasha kuliko mwanzo.

Asiyeamini ajipime. Baada ya kujikohoza, ateme kwenye karatasi laini atazame kilichotoka. Mara nyingi ni mate tu, au hakuna kitu. Kisha aangalie saa: hamu ya kujikohoza tena inarudi baada ya muda gani? Kama koo lilikuwa na uchafu na umeondoka, nafuu isingekwisha upesi hivyo.

Tuseme ni mwalimu wa sekondari mwenye vipindi sita kwa siku, kila kimoja dakika 40. Akijikohoza mara moja tu kwa dakika, na wapo wanaozidi hapo, siku itaisha akiwa amezigonga nyuzi zake mara 240, mbali na kupaza sauti juu ya kelele za darasa na vumbi la chaki. Jumatatu asubuhi sauti ni safi. Alhamisi imekuwa nzito, inakatikakatika, na kwenye kuimba sauti ya juu haifiki tena. Wenzake ofisini wanamshauri atafune tangawizi, anywe limau, ameze yai bichi lilainishe nyuzi. Nasikitika kuwaharibia: chochote kinachomezwa hupita kwenye umio, nyuma ya kikoromeo, wala hakizigusi nyuzi za sauti. Kingezigusa, mtu angepaliwa. Limau na tangawizi kali, kwa mwenye kiungulia, huweza hata kuongeza tatizo.

Akiendelea hivyo kwa miezi, uvimbe wa muda unaweza kugeuka vinundu kwenye kingo za nyuzi, mahali zinapogongana zaidi. Wengine, hasa wanaume, huota kidonda chenye nyama upande wa nyuma, pale nyuzi zinaposhikana na gegedu mbili ndogo. Mtu huhisi maumivu upande mmoja, wakati mwingine hadi sikioni, na anahisi kitu kimekwama pale. Bila shaka anajikohoza ili akiondoe. Nyama hiyo ikikatwa kwa upasuaji na tabia ikabaki, mara nyingi huota tena. Kwa hiyo tiba inaanza kwenye tabia.

Kuacha kwa kuapa tu hakusaidii, kwa sababu mwenye tabia hii hajisikii. Kwanza ajue anajikohoza lini. Arekodi kipindi kimoja kwa simu, au amwombe mtoto wake amwinulie kidole kila anapojikohoza mezani. Atagundua tabia hiyo haiji ovyo: labda ni kabla ya kila sentensi mpya, labda ni baada ya kula, labda ni kila anapopokea simu.

Baada ya hapo ni kubadilisha tendo. Mwaka 1973 wanasaikolojia Azrin na Nunn walieleza njia ya kuvunja tabia za namna hii kwa kuweka tendo jingine lisiloweza kufanyika pamoja na lile la zamani. Kwa koo, tendo hilo ni kumeza. Hamu ikija, inamisha kidevu kidogo, meza mate kwa nguvu, kisha pumua taratibu kwa pua. Ukiwa na maji, piga funda moja dogo. Maji hayaziogeshi nyuzi, ila tendo la kumeza linazifunga kwa upole na kuuondoa ute uliokaa juu yake. Kama bado kuna kitu, pumua nje kwa nguvu bila sauti, kama anayetia ukungu kwenye kioo, halafu umeze tena. Mwisho guna polepole ukiwa umefumba mdomo.

Siku za kwanza hamu itakuwa kali, kwa sababu uvimbe bado upo. Ukiivumilia bila kuitii, inapanda kisha inashuka yenyewe. Kunywa maji mara kwa mara mchana kutwa, na vuta mvuke wa maji ya moto jioni, ukiwa mbali kiasi cha kutokuungua. Peremende zenye mentoli ziache. Zinaburudisha mdomo lakini huweza kulikausha koo.

Lakini pasitokee mtu wa kuniambia kila kitu ni tabia. Tindikali ya tumboni inayopanda usiku huchokoza koo, hata bila kiungulia. Mwenye tatizo hilo amalize kula saa tatu kabla ya kulala na ainue upande wa kichwa wa kitanda. Mzio wa vumbi hutiririsha ute kutoka puani hadi kooni. Na wapo wanaotumia dawa za presha kama enalaprili, kaptoprili au lisinoprili, ambazo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu na mwasho wa koo. Huyo anaweza kumeza mate mwaka mzima bila kufika popote. Asiache dawa mwenyewe. Amweleze daktari, zipo za kundi jingine zisizoleta kero hiyo kwa kiasi hicho.

Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, acha kubahatisha. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akupitishie kamera nyembamba puani azione nyuzi zenyewe. Nenda mapema zaidi ukitema damu, ukipata shida kumeza, ukikonda bila sababu au ukiona uvimbe shingoni, na hasa kama unavuta sigara. Hizo si dalili za kujikohoza.