Karatasi Imefaulu, Mama Hajaelewa

Leo tunagombana na cheti kimoja. Ni cheti kinachobandikwa nyuma ya fomu za ridhaa, zile ambazo mgonjwa anatia saini kabla ya kuingizwa kwenye jaribio la dawa. Kinasema fomu ilitafsiriwa kwa Kiswahili, halafu mtu mwingine akairudisha kwa Kingereza, na zikaonekana sawa. Kamati ya maadili ikikiona inatulia. Sisi tunasema imetulia mapema mno.

Kwanza tueleze kazi yenyewe inavyokwenda. Mtafsiri wa kwanza anachukua fomu ya Kingereza anaiandika kwa Kiswahili. Mtafsiri wa pili, ambaye haruhusiwi kuona ile ya kwanza, anachukua Kiswahili hicho anakirudisha kwa Kingereza. Mtu wa tatu anaweka zile Kingereza mbili pembeni kwa pembeni na kutafuta tofauti. Wanajadiliana, wanarekebisha, cheti kinatoka. Angalia vizuri: katika safari yote hiyo, aliyepimwa ni Kingereza. Mgonjwa hajaonekana popote.

Mutanga Nord tunapokutana, tuna wenzetu kadhaa wanaopata hela kidogo kwa kutafsiri. Kwa hiyo tuliamua kuijaribu njia hiyo wenyewe, kwa sentensi moja tu, ile inayoeleza kwamba mgonjwa atapangwa kwenye kundi la dawa bila mtu kuchagua. Sentensi ya aina hiyo imo katika karibu kila jaribio linalolinganisha dawa. Mwenzetu wa kwanza aliandika: «Utagawiwa kinasibu katika mojawapo ya makundi manne ya matibabu.» Wa pili, aliyesoma biolojia, akairudisha bila kusita. Kingereza kilichorudi kilifanana na cha mwanzo karibu neno kwa neno. Kwa kipimo cha cheti, tumefaulu.

Halafu tukamsomea mama mmoja jirani, mkimbizi kama sisi, mtu wa Uvira. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: «Batatugawia nini?» Si unaona? Kwa mtu aliyepanga mstari kambini, kugawiwa ni unga, ni sabuni, ni mafuta. Alisikia ahadi ya msaada. Tukarudia lile neno «kinasibu». Akasema: «Nasibu njo nani?» Vijana wakacheka, kwa sababu Nasibu wanamjua, ni jina alilozaliwa nalo Diamond Platnumz. Lakini si jambo la kuchekesha sana. Tulimuuliza swali moja la mwisho: mama, nani atachagua dawa utakayopewa? Akajibu: «Munganga, yeye njo anajua ugonjwa yangu.» Hapo hakuna ridhaa. Kuna saini tu.

Kwa nini mtafsiri wa pili hakuliona kosa? Kwa sababu alijua tayari. Aliyesoma sayansi akiona «kinasibu» hasomi Kiswahili, anakumbuka Kingereza kilichojificha nyuma yake. Ndiyo maana tafsiri ya neno kwa neno, ile ngumu kumeza, inarudi safi kuliko zote.

Tukaandika upya, namna tunavyoongea nyumbani: «Kuna dawa nne. Bado hakuna mtu anayejua ipi inasaidia zaidi. Daktari hatakuchagulia, na wewe hutachagua. Ni kama karatasi nne zimekunjwa ndani ya kofia, unaokota moja bila kuangalia: iliyoandikwa humo ndiyo dawa yako.» Mama akasema: «Aah, kama tombola.» Tukamwambia hapana, tombola ina mshindi, hapa hakuna anayejua karatasi ipi ni nzuri. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Na ule munganga anakubali asichague?» Sasa hilo ni swali la mtu aliyeelewa. Ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kukataa.

Tukampa mwenzetu mwingine tafsiri hii mpya airudishe kwa Kingereza. Matokeo? Wino mwekundu kila mahali. Kofia haimo kwenye fomu ya asili. Sentensi moja imekuwa nne. Kwa kipimo cha cheti, ile iliyoeleweka imeanguka na ile isiyoeleweka imepita.

Msidhani tunapiga kelele juu ya jambo dogo. Kumbukeni Ebola ya kwetu Kivu ya Kaskazini. Novemba 2018 lilianza jaribio lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Lilihusu dawa nne na wagonjwa 681. Nani apate ipi, daktari hakuchagua. Agosti 2019 lilisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilishaonekana: kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa ndani ya siku 28, kati ya waliopewa REGN-EB3, karibu theluthi moja. Hatulaumu jaribio lile. Mwanzoni hakuna aliyejua dawa ipi ni bora, na bila kupanga watu hivyo tusingejua hata leo. Tunachosema ni kwamba ndani ya neno kama «kinasibu» panaweza kukaa tofauti ya namna hiyo. Mgonjwa lazima alisikie.

Kuna watakaosema: basi tuitupe tafsiri ya kurudisha. Hapana. Ina kazi yake, na inaifanya vizuri. Inakamata namba iliyokosewa na mstari uliorukwa. Inakamata kukanusha, ambako kwa Kiswahili kunaning'inia kwenye herufi moja: «utaweza kujitoa wakati wowote» na «hutaweza kujitoa wakati wowote» vinatofautiana kwa «h» tu, na mtu aliyechoka anairuka. Kwa makosa ya aina hiyo, irudisheni hata mara mbili. Lakini msiitume kupima kitu isichokiona. Hata Richard Brislin, ambaye makala yake ya 1970 ndiyo iliyoieneza njia hii, hakuitegemea peke yake: alipima pia kwa kuwapa watu maswali juu ya maandishi yaliyotafsiriwa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. La kwanza, anayerudisha asiwe mtu wa maabara. Awe anajua Kingereza vizuri lakini hajazoea fomu hizi, ili neno gumu limkwaze, na pale alipokwama paandikwe. La pili, tofauti zikitokea, Kiswahili kisibadilishwe ili tu kifanane na Kingereza. Muulizane kwanza: maana imepotea, au maneno tu yamebadilika? Majibu yaandikwe, kamati iyasome pamoja na cheti.

La tatu ndilo kubwa. Kabla fomu haijapitishwa, isomwe mbele ya watu wa aina ile ile watakaoombwa saini, kwa Kiswahili chao, cha Uvira au cha Buyenzi, si cha Dar es Salaam. Wasiulizwe «mmeelewa?» Kwa heshima, kila mtu atajibu ndiyo. Waulizwe: nani atachagua dawa yako? Ukikataa, utaendelea kutibiwa? Damu watakayochukua ni kiasi gani? Fomu ikisema mililita 10, mtu aweze kujibu: vijiko viwili vya chai. Wengi wakikosea swali moja, kosa ni la sentensi, si la wao. Sentensi iandikwe tena, na watu wengine waulizwe.

Watatuambia hiyo inachukua muda na pesa. Sisi zoezi letu lilichukua jioni moja, chini ya mwembe, kwa sentensi moja. Wenye bajeti ya jaribio zima washindwe? Hadi hapo, mtu akikuletea fomu yenye cheti kizuri, muulize kwa adabu: ni mama gani aliyesomewa hii, na alijibu nini?