Picha ya Boksi Haitoshi

Wiki hii jirani yangu, mzee mwenye kisukari aliyekwenda Ohio kumtembelea bintiye, alinitumia nakala ya barua aliyomwandikia mfamasia wa huko, pamoja na picha ya boksi la Daonil: "Ndugu mfamasia, vidonge vimeniishia, naomba vinavyofanana na hivi." Jina la biashara linang'aa, ila ubavu ulioandikwa glibenclamide, miligramu 5, hauonekani. Mfamasia aliuomba ubavu huo, akamwelekeza kwa daktari, kwani Marekani dawa hiyo haitolewi bila cheti. Kule huitwa glyburide, dawa ileile. Mtego uko kwingine: ipo iliyosagwa laini zaidi, yenye vidonge vya miligramu 1.5, 3 na 6, ambayo mwili huifyonza vizuri zaidi, kwa hiyo haibadilishwi miligramu kwa miligramu. Ukizidisha, sukari inashuka: jasho, mikono kutetemeka, akili kuvurugika. Dawa haijali nauli uliyolipa. Mfamasia anayetoa kidonge kwa kutazama rangi ya boksi ni wa kukimbiwa. Huyu alifanya kazi yake. Nanyi wasafiri, pigeni picha pande zote za boksi, na cheti cha daktari, kabla ya kufunga begi.