Maji ndiyo yanayoangusha kuta, si udongo

Kila msimu wa masika, katika maeneo ya milima kama Lushoto, Rungwe na vilima vya Mwanza, kuna kuta za kuzuia udongo zinazoanguka nyuma ya maduka, maghala na mabanda ya mifugo. Mara nyingi lawama huenda kwa saruji, kwamba fundi aliipunja. Ni kweli wapo mafundi wa namna hiyo, lakini kuta nyingi zilizojengwa kwa saruji ya kutosha nazo huanguka, kwa sababu hazikuachiwa njia ya kutolea maji.

Ili kuelewa jambo hili, tuseme mfanyabiashara amechimba kiwanja mlimani ili aweke mashine ya kusaga. Nyuma yake amejenga ukuta wa mawe wenye kimo cha mita 2, upana wa sentimita 40 juu na mita 1.2 chini. Kila mita moja ya urefu wa ukuta huo ina uzito wa takriban tani 3.7. Uzito huo, ukikaa juu ya udongo wa kawaida, unaweza kuhimili msukumo wa pembeni unaokaribia nusu yake, yaani tani 1.8 hivi, kabla ukuta haujateleza.

Wakati wa kiangazi udongo mkavu ulio nyuma husukuma kwa takriban tani 1.2 kwa kila mita. Ukuta unabaki na akiba ya nusu zaidi, kiasi ambacho wahandisi hukikubali.

Mvua ikinyesha siku kadhaa na maji yakajaa nyuma hadi juu, hesabu inabadilika. Maji peke yake yenye kina cha mita 2 husukuma kwa tani 2. Udongo uliozama hupungua msukumo, lakini bado huongeza tani 0.7 hivi. Jumla inakuwa tani 2.7, na ukuta ulioweza kuhimili tani 1.8 hauna budi kuondoka.

Dawa ya kunenepesha ukuta ni ghali. Ili uhimili maji hayo na kubaki na akiba ileile, ungehitaji uzito wa tani 8 kwa kila mita, yaani zaidi ya mara mbili ya mawe na saruji. Kuyatoa maji ni rahisi zaidi.

Kazi yenyewe haina siri. Nyuma ya ukuta huwekwa kokoto safi, unene wa sentimita 30, kuanzia chini hadi karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo hutandikwa kitambaa maalumu cha kuchuja, au tabaka la mchanga mnene, ili tope lisizibe kokoto. Mabomba ya plastiki ya inchi 3 hupitishwa ukutani, kila baada ya mita moja na nusu, juu kidogo ya usawa wa ardhi ya mbele, yakiinamia nje. Juu kabisa hushindiliwa udongo wa mfinyanzi, na mfereji huchimbwa upande wa mlimani ili maji ya mvua yasifike ukutani.

Tatizo ni kwamba ukuta ukishafukiwa, mwenye mali haoni kilichopo nyuma. Fundi anaweza kuchomeka mabomba mbele kwa mapambo, huku nyuma yamefukiwa kwa udongo uleule uliochimbwa. Kwa hiyo malipo ya mwisho yasitolewe mpaka mwenye mali aone kokoto zikijazwa kwa macho yake, kisha pipa moja la lita 200 limwagwe juu ya kokoto hizo kabla ya kuzifunika. Maji yakichelewa kutoka kwenye mabomba, kazi irudiwe.

Kwa ukuta uliokwisha jengwa, zipo dalili. Mlima ukiwa umelowa huku matundu yakiwa makavu, huenda yameziba. Yakitoa maji yenye tope, udongo wa nyuma unachukuliwa. Ukuta ukifura katikati, ukiinama mbele au ardhi ya juu ikipasuka sambamba nao, watu na mali viondolewe chini yake kwanza, ndipo aitwe mhandisi. Mhandisi anahitajika pia tangu mwanzo pale ukuta unapozidi mita moja na nusu, au juu yake kuna nyumba au barabara.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wapo wanaoziba hata matundu ya maji kwa saruji, eti yanachafua kiwanja. Kwa ukuta wa kuzuia udongo, anayeziba ndiye atakayejenga upya.