Cheti cha Daktari Kisimwondoe Uwanjani Mwanafunzi Asiyeona

Katika kliniki za macho, mzazi wa mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu huomba cheti cha kupeleka shuleni. Mara nyingi cheti hicho hurudi na sentensi moja tu: "Asishiriki michezo." Mwalimu akishaisoma hana la kufanya. Wenzake wanapokwenda kukimbia na kuruka, mtoto huketishwa chini ya mti kulinda viatu vyao, na hali hiyo huendelea mpaka amalize shule.

Maoni yangu ni kwamba sentensi hiyo, ikiandikwa peke yake, si ushauri wa kitabibu. Kutoona hakuliharibu jicho mtoto anapokimbia. Kinachoweza kumwumiza ni mambo mawili tofauti: ugonjwa fulani ndani ya jicho usiovumilia mshtuko, na uwanja usioandaliwa. La kwanza ni la daktari kulipima na kulitaja kwa jina. La pili linatengenezeka, na mwalimu aliyeelekezwa vizuri analiweza.

Tuanze na la daktari. Macho ambayo hayapaswi kurukishwa wala kupata kishindo ni machache na yanajulikana: jicho lililofanyiwa upasuaji karibuni, jicho ambalo retina yake imechanika au imeanza kubanduka, jicho ambalo lenzi yake imechopoka mahali pake, na jicho ambalo konea yake imekuwa nyembamba kiasi cha kuweza kupasuka likigongwa. Mwenye miwani ya nguvu kubwa sana ya kuonea mbali achunguzwe retina kwa dawa ya kupanua mboni kabla ya kuanza kuruka. Watoto wengi wasioona hawamo katika orodha hii. Aliyepoteza uoni kwa sababu neva ya jicho imekufa, kwa mfano, hana kitu ndani ya jicho kinachoweza kuchopoka kwa mbio au kwa mruko.

Nichukue mfano wa binti mmoja wa darasa la sita. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, na neva za macho yote mawili zikafa. Leo hutofautisha mwanga na giza tu. Alifika kliniki pamoja na mama yake na mwalimu wa michezo, akiwa na cheti cha zamani, kutoka kituo nisichokitaja, kilichomkataza michezo yote. Nilimpima: retina imelala mahali pake, lenzi ni safi, shinikizo la jicho ni la kawaida. Kwa upande wa macho hapakuwa na sababu ya kumzuia. Mwalimu akauliza swali la haki: "Basi daktari, nianzie wapi?"

Huanzia kwenye mbio fupi, kwa mkimbiaji mwongozaji. Wawili hao huunganishwa kwa kamba isiyovutika, yenye urefu usiozidi sentimita 30 na kitanzi kila upande. Kipande cha kanga kilichosokotwa chafaa kabisa. Kitanzi hushikwa kwa vidole, hakifungwi kwenye kifundo cha mkono, ili mmoja akijikwaa asimwangushe mwenzake. Wakisimama bega kwa bega, mikono yao ya ndani, ile iliyoshika kamba, hupaswa kwenda mbele pamoja na kurudi nyuma pamoja. Hilo hufundishwa kwanza kwa kutembea, kisha kwa mwendo wa polepole, kisha kwa mita 20 za kasi. Wakishapatana katika mita 20 bila kamba kukazika, huongezewa mpaka 40, halafu 60.

Kamba ndiyo inayomwonyesha mwalimu kama mambo yanakwenda sawa. Ikiwa imelegea kidogo muda wote, wawili wanakimbia pamoja. Ikikazika kuelekea mbele, mwongozaji anamvuta mwenzake, na mtoto atainua kifua, atafupisha hatua na kuanza kuogopa. Ikikazika kuelekea nyuma, mwongozaji ni mzito kuliko anayemwongoza, naye abadilishwe. Mwongozaji lazima awe na akiba ya kasi, kwa sababu anakimbia na kusema kwa wakati mmoja. Henry Wanyoike wa Kenya, aliyepoteza uoni mwaka 1995 kwa kiharusi, alishinda mita 5,000 za wasioona katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 baada ya mwongozaji wake kuishiwa nguvu karibu na mwisho, ikabidi anayeongozwa amsaidie anayemwongoza kufika. Mbio fupi hazina muda wa kusaidiana hivyo.

Maneno ya mwongozaji yawe machache na yamepangwa mapema: "kulia kidogo", "kushoto kidogo", "mstari", "simama". Neno "hapa" au "kule" halimsaidii asiyeona. Baada ya mstari wa mwisho iachwe nafasi wazi ya mita 10 au zaidi ya kupunguzia kasi, kwa maana wanaoumia mara nyingi huumia pale, mmoja anaposimama ghafla na mwingine bado anakwenda.

Binti yetu alizielewa mbio hizi katika majuma machache. Mruko wa chini ndio uliotufundisha jambo. Katika mashindano ya wasioona, mtu husimama upande wa pili wa shimo la mchanga, sawa na katikati yake, na kupiga makofi au kuita kwa mapigo yasiyobadilika. Mrukaji huielekea sauti hiyo. Wanafunzi wengine hunyamaza kabisa, kwani kelele za kumshangilia humfichia njia. Mwalimu alifuata yote hayo, na bado binti kila mara alipinda kulia, akatoka nje ya njia. Mwalimu alidhani anaogopa.

Mtoto anayeogopa hupinda leo kulia na kesho kushoto, au hupunguza kasi. Anayepinda upande uleule kila mara anatueleza habari ya masikio yake. Ubongo hutambua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha kinachofika sikio la kulia na kinachofika la kushoto. Sikio moja likiwa halisikii, sauti iliyo mbele huonekana kama inatoka upande wa sikio zima. Homa ya uti wa mgongo, iliyoua neva za macho ya binti huyu, huweza pia kuharibu sikio la ndani. Alipopimwa, sikio la kushoto lilikuwa halisikii kabisa. Darasani hakuna aliyegundua, kwa kuwa sikio moja linatosha kwa mazungumzo.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia sauti kama dira, masikio yote mawili yapimwe, kila moja peke yake. Wengine hukutwa na nta au usaha unaotibika. Kwa binti huyu halikutibika, nasi tukahamisha kazi ya kumwonyesha njia kutoka sikioni kwenda mguuni na mkononi. Makofi yakabaki kumpa mapigo ya hatua tu.

Alama za kugusa zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ubao uliolazwa chini mahali pa kuanzia, ukikingama njia. Binti huuegemeza visigino, na papo hapo mwili wake huelekea katikati ya shimo bila kushikwa mabega. Ya pili ni mwongozaji anayekimbia naye kwa kamba, akiiachia hatua mbili kabla ya kuruka. Mashindano makubwa hayaruhusu hilo katika mruko, lakini somo la shuleni si mashindano. Ya tatu ni eneo la kurukia. Wasioona hawatumii ubao mwembamba wa kawaida, bali eneo la mita 1 kwa mita 1.22, na umbali hupimwa kuanzia pale unyayo ulipoondokea. Tulitandika hapo jamvi la katani, likapigiliwa vigingi pembeni na kuzamishwa hadi usawa wa ardhi ili lisiteleze wala kumkwaza. Mguu ukihisi katani, ndipo pa kuruka.

Jambo la nne halikuwa alama bali urefu wa njia. Mtoto akipinda nyuzi 5 tu katika mkimbio wa mita 20, hufika karibu mita 1.75 kando ya mstari wake. Shimo lenye upana wa mita 2.75 humwacha nje, kwenye ardhi ngumu. Akikimbia mita 6, kosa lilelile humpeleka nusu mita tu, naye hutua mchangani. Ndiyo sababu mafunzo huanza kwa kuruka kutoka kusimama, kisha hatua tatu, kisha tano. Hatua haziongezwi mpaka atue katikati mara nyingi mfululizo. Binti huyu alibaki kwenye hatua tano, na kwa hatua hizo aliruka mita 1.62 siku ya kwanza alipopimwa rasmi pamoja na wenzake.

Nina onyo moja la kiofisi yangu. Ili alama ya unyayo ionekane, shule nyingi zitashawishika kumwaga chokaa ya kujengea kwenye eneo la kurukia. Chokaa huunguza jicho na huweza kulipofua, na mtoto anayetua kwa kishindo hurusha vumbi usoni. Itumike mchanga laini mkavu au unga wa chaki ya ubaoni. Chokaa ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi kwa nusu saa, ndipo safari ya hospitali ianze.

Njia hizi zina mipaka. Kuruka juu kwa kukimbia sikushauri kwa anayeanza. Mwalimu mmoja mwenye watoto 60 hawezi kusimamia hayo peke yake, hivyo aandae waongozaji wawili au watatu, na kila mmoja kwanza aongozwe akiwa amefungwa kitambaa machoni, ajue kamba iliyokazika humfanya mtu ajisikie vipi. Na mtoto yeyote mwenye kiasi cha uoni, akiona mimweko ya mwanga, vidoti vingi vya ghafla au kama pazia linashuka, aache mazoezi na aonwe siku hiyohiyo. Asiyeona kabisa atajulikana kwa maumivu au wekundu wa jicho.

Kwa wenzangu wa afya, cheti cha binti huyu kiliandikwa hivi, nacho hakikuzidi nusu ukurasa: "Haoni kwa sababu neva za macho zimekufa, hali haibadiliki. Hakuna ugonjwa wa jicho unaozuia kukimbia au kuruka. Sikio la kushoto halisikii, asiongozwe kwa sauti pekee. Akimbie kwa kamba na mwongozaji. Aruke kwa hatua zisizozidi tano, mchangani. Arudi kliniki baada ya miezi sita, au mapema akipata maumivu ya jicho." Kwa wazazi, mkipewa cheti kinachosema "asishiriki", muulizeni daktari ni ugonjwa gani wa jicho unaokataza, ni mchezo upi, na kwa muda gani. Asipoweza kuyajibu hayo matatu, mtoto apimwe upya.