Kalenda ya Simu Haijauona Mwezi

Kila Ramadhani ikifika siku ya 29, hakosi mtu wa kutuma picha ya kalenda ya simu kwenye grupu: "Mwangoja nini? Hapa imeandikwa tunakamilisha 30." Kabla hatujagombana, tuangalie kwanza hiyo kalenda imetoka wapi.

Kalenda nyingine za simu hufuata jedwali. Muharram siku 30, Safar 29, Rabiul Awwal 30, hivyo hivyo kwa zamu mpaka mwaka uishe na siku 354. Lakini mwezi wa angani, kwa wastani, huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44. Hizo dakika 44 jedwali limeziacha nje. Kwa miezi 12 zinafika saa 8 na dakika 48, na kwa miaka 30 ni saa 264, yaani siku 11. Ndiyo maana katika kila miaka 30, miaka 11 huongezwa siku moja, mwishoni mwa Dhulhijja. Gawanya 1445 kwa 30, inabaki 5. Mwaka wa 5 ni mmoja wa hiyo 11, kwa hivyo Dhulhijja yake ilipewa siku 30. 1446 inabakisha 6, haikuongezwa kitu.

Hesabu yenyewe ni safi, inapotea siku moja tu kwa miaka kama 2,500. Shida ni kwamba ni wastani. Ramadhani ni mwezi wa 9, na kwa zamu ile miezi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11 yote ni ya siku 30. Yaani kwa jedwali hakuna Ramadhani ya siku 29, milele! Na Shaaban haifiki 30 kamwe. Mwezi wa kuonekana hauko hivyo: mwendo wake hubadilika, mawingu yapo, na miezi miwili au mitatu yaweza kufuatana yote ikiwa na siku 30.

Chukua 2025. Jedwali la kawaida lilianza Ramadhani 1446 tarehe 1 Machi, na Saudia nayo ikaanza siku hiyo hiyo. Jedwali likasema Idi ni 31 Machi. Saudia ikatangaza mwezi umeandama jioni ya 29, wakaswali Idi tarehe 30.

Ndugu zetu Mabohora, hata wa hapa Mombasa, wana jedwali lao lililotangulia kwa siku moja. Walianza kufunga 28 Februari, wakakamilisha 30. Kwao hilo ndilo msingi wa madhehebu, si ati wamekosea tarehe.

Kwa hivyo fungua simu yako, rudi nyuma miaka mitano. Ukikuta Ramadhani zote ni 30 na Shaaban zote ni 29, kuna uwezekano mkubwa umeshika jedwali. Litumie kupanga likizo na nauli. Idi yenyewe, jioni ya 29 subiri tangazo.