Si Maruweruwe, Ni Kubahatisha

Nasikia wapenzi wa lugha wakiyaita "maruweruwe" yale mambo yasiyokuwapo ambayo akili unde huyatoa kama kweli. Nalipinga neno hilo. Maruweruwe humpata mgonjwa, na homa ikishuka huona sawasawa. Mashine haina homa wala nafuu. Isemapo kweli na isemapo uongo hufanya kazi ile ile, yaani kukisia neno gani laelekea kufuata yaliyotangulia. Hiyo kwa Kiswahili chetu ni kubahatisha.

Kijana mmoja hapa Mvumi aliniletea shairi alilopewa na mashine, akitaka lichapwe katika jarida la shule. Aliambiwa kuwa Mathias Mnyampala, mshairi wetu wa Ihumwa, alilitunga kusherehekea uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Mshororo wa kwanza ulisema: "Dodoma sasa waitwa, makao makuu ya nchi."

Tukahesabu. Ukwapi ulikuwa na mizani 8. Utao, ma-ka-o ma-ku-u ya n-chi, ulikuwa na 9. Mashine huyakata maneno vipande visivyolazimika kulingana na silabi, hivyo ni rahisi kwake kuipoteza "n" ya "nchi". Hata hivyo mizani ilinitia shaka tu. Mshairi naye huteleza, na kesho mashine yaweza kutimiza mizani yote. Kilichokata shauri ni tarehe. Mnyampala alifariki mwaka 1969.

Kwa nini mashine haikusema "sijui"? Walimu tunalijua jibu. Katika mtihani wa kuchagua, aachaye wazi hupata sifuri, na abahatishaye huenda akapata alama. Mwaka 2025 watafiti wa OpenAI waliandika kwamba mitihani ya kupimia mashine hizi nayo hutuza kubahatisha. Na palipo na maandishi machache, kama kuhusu washairi wetu, makisio hukosa pa kushika.

Basi ukipewa beti zenye jina la mtu, kwanza linganisha tukio linalotajwa na miaka ya uhai wake. Pili, dai jina la kitabu na ukurasa, kisha ukifungue kitabu chenyewe; usiiulize mashine ile ile kama ina hakika, maana itabahatisha tena. Tatu, usipoziona kitabuni, usiandike jina la mshairi chini yake, hata zikiwa tamu namna gani.

Kijana alisema, "Lakini Mwalimu, shairi si baya." Nikamjibu kuwa ubaya si wa shairi. Likichapwa kwa jina la Mnyampala, mwanafunzi wa mwakani atalinukuu, mashine ijayo italisoma, na uzushi utakuwa na ushahidi wa maandishi. Akalifuta jina.